Faini imelipwa, fidia bado

"Matatu ilinigonga nikavunjika mguu. Dereva alipelekwa kortini akatozwa faini. Mbona wakili ananiambia bado naweza kumdai?"

Ile faini uliiona wapi? Iliingia serikalini. Kesi ya kwanza ilikuwa ya Jamhuri dhidi ya dereva, kwa kosa la kuendesha gari bila uangalifu, na wewe ulikuwa shahidi tu. Hata ungetaka kumsamehe, kesi haikuwa yako kuifuta. Ya pili ni yako: wewe ndiwe mdai, na unachotafuta ni pesa za kufidia mguu wako, si kumfunga mtu.

Katiba ya Kenya, ibara ya 50, inakataza mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa la jinai ambalo tayari ameachiliwa au amehukumiwa kwalo. Kudaiwa fidia si kushtakiwa kwa kosa, kwa hiyo katazo hilo halimkingi dereva.

Tofauti kubwa iko kwenye uzito wa ushahidi. Kumtia mtu hatiani, hakimu lazima asibaki na shaka yoyote ya maana. Kwenye madai, inatosha maelezo yako yawe na uwezekano mkubwa kuliko ya mwenzako. Mizani ikiinama kidogo tu upande wako, umeshinda. Ndiyo maana O. J. Simpson, huko Marekani, aliachiliwa kwa mashtaka ya mauaji mwaka 1995, kisha mwaka 1997 baraza la wazee wa korti kwenye kesi ya madai likaona anawajibika kwa vifo vilevile, akaamriwa alipe mamilioni ya dola. Watu wengi waliona kioja. Kisheria hakuna mgongano hapo.

Kwako mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa dereva alipatikana na hatia. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba hukumu hiyo, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi wa mwisho kuwa alitenda kosa. Hawezi kuja kwenye madai akaanza upya kusema aliendesha vizuri.

Lakini anaweza kusema nawe ulichangia. Tuseme mahakama imekadiria fidia yako kuwa shilingi 1,000,000, kisha ikaona ulivuka barabara bila kuangalia na kukubebesha asilimia 20 ya lawama. Utapata 800,000. Na gharama za hospitali hazikadiriwi kwa macho: bila risiti, hakimu huziacha, hata kama plasta bado iko mguuni.

Basi tafuta nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki na abstrakti ya polisi, zote mbili. Na usikae sana: kwa madai ya uzembe wa aina hii, sheria inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali. Kusubiri kesi ya jinai iishe hakusimamishi hesabu hiyo.