Manjano ya mtoto mchanga hutoka kwa njia ya choo

"Mtoto wangu ana siku tatu, macho yamekuwa ya manjano. Mama mkwe anasema nimwanike jua la asubuhi. Je, jua linatosha?"

Halitoshi, mama. Rangi hiyo ni bilirubini, inayotokana na chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Mtoto mchanga huvunja chembe nyingi, na ini lake halijawahi kuzoea kazi hiyo. Ndiyo maana watoto wengi hupata manjano siku ya pili au ya tatu, kisha yakaisha ndani ya wiki mbili.

Ini likishaishughulikia, bilirubini hushuka na nyongo hadi utumboni, ikatoka na choo. Choo kikichelewa, utumbo huifyonza tena na kuirudisha kwenye damu. Kinachosukuma choo ni maziwa yako, kuanzia yale mazito ya mwanzo. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia. Usingoje alie, kwani manjano humtia usingizi. Mfunue nguo, msugue nyayo, mpe ziwa. Maji ya glukosi humjaza tumbo tu, akakosa nafasi ya maziwa.

Tuseme alizaliwa Jumatatu. Ijumaa fungua nepi: choo kikiwa cha njano na amekojoa mara nyingi, maziwa yanaingia. Kikiwa bado cheusi na mkojo ni mara mbili tu kutwa, mpeleke akapimwe, hata kama amelala kwa utulivu. Utulivu wa namna hiyo ndio unaonitia hofu.

Imani ya jua ina chanzo. Miaka ya 1950, muuguzi Jean Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, aliona ngozi ya watoto waliotolewa bustanini ikipungua manjano. Kutokana na hilo zikaja taa za mwanga wa bluu, ambao huibadili bilirubini iweze kutoka bila kulisubiri ini. Lakini chini ya taa mtoto hukaa uchi saa nyingi, macho yamefunikwa, na damu yake hupimwa. Juani hakuna kipimo. Anaweza kuungua, kukaukiwa maji au kupigwa baridi, na siku za matibabu zinapotea. Mwanga wa mchana utumie kumkagua: weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Rudi hospitali mara moja, hata usiku wa manane, manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika viganjani au nyayoni, au mtoto akikataa kunyonya, akiwa mgumu kuamka, akipata homa, akilia kwa sauti nyembamba kali au kupinda mgongo nyuma. Bilirubini ikiingia ubongoni huweza kumwachia uziwi au mtindio wa ubongo. Kwa mtoto njiti usisubiri hata dalili hizo; akibadilika rangi tu, mpeleke.

Manjano yakivuka siku 14, rudi hata kama ananyonya vizuri. Choo cheupe kama chokaa na mkojo mweusi unaotia doa nepi huashiria njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaa zaidi kabla mtoto hajatimiza siku 60.