Hailaita ya Fedha Haing'arishi Ngozi Nyeusi, Inaipausha

"Mimi ni mweusi, nipake hailaita ile nyeupe kabisa ndiyo ionekane." Ombi hili halikosi Jumamosi yoyote ya harusi Kisumu, na ndilo linaloharibu picha nyingi.

Kuonekana itaonekana, lakini kama unga wa ugali shavuni. Hailaita ni kipodozi cha kung'arisha uso, na mng'ao wake hutoka kwenye chembe za madini ya maika zinazorudisha mwanga. Poda za rangi ya fedha au lulu mara nyingi huwa pia na rangi nyeupe inayoziba, na hiyo hairudishi mwanga kama kioo, inafunika tu. Kwenye ngozi nyeupe haionekani. Kwenye ngozi nyeusi inabaki kama utando wa kijivu mara tu unapogeuza uso kutoka kwenye mwanga.

Ndiyo maana kuipima kwenye kifundo cha mkono, upande wa ndani, ni kujidanganya: pale ni peupe kuliko uso. Paka kidogo shavuni, simama karibu na dirisha, kisha geuka polepole. Mng'ao ukiondoka na mwanga na ngozi ikabaki na rangi yake, hiyo ni yako. Ukibaki mstari mweupe, mrudishie muuzaji, hata kama ilikuwa kwa bei ya kutupa.

Tuseme bibi harusi ni mweusi wa chokoleti iliyokolea, na ibada ni saa sita mchana. Nitachagua shaba au bronzi yenye wekundu kidogo. Dhahabu nitamwekea dadake wa maji ya kunde. Baada ya faundesheni, na kabla ya poda, nachukua hailaita ya krimu, nusu punje ya mchele kwa kila shavu. Naigonga kwa kidole cha pete juu ya mfupa wa shavu, kuanzia chini ya pembe ya nje ya jicho kuelekea kwenye panja. Sisugui, maana kusugua huinua faundesheni iliyo chini. Poda naiweka puani, kwenye kipaji na chini ya macho, na pale penye krimu naparuka. Krimu ikipigwa poda nzito juu yake, inashikana madoa madoa.

"Basi si nipake tu mafuta ya kujipaka?" Hapana. Mafuta huteleza na jasho na kuondoka na faundesheni.

Na kung'arisha ncha ya pua na kipaji? Kwa joto la Kisumu sehemu hizo zitang'aa zenyewe kabla ya keki kukatwa. Hailaita hapo inaonekana kama jasho tu. Mashavuni pia, acha nafasi ya upana wa vidole viwili kutoka puani. Vinyweleo vilivyo wazi huonekana zaidi vikipakwa kitu kinachometameta.

Jasho likija, kandamiza tishu, usifute. Poda mpya juu ya jasho hugeuka uji, ukikauka unarudisha ule ujivujivu tulioukimbia.