Bekingi pauda haifanyi kazi ya mwiko

Katika darasa langu la keki hapa Dar es Salaam, sentensi ninayoisikia mara nyingi kuliko zote ni hii: "Mwalimu, si kuna bekingi pauda? Siagi na sukari zikishachanganyika inatosha." Haitoshi. Punje za sukari zinaposuguana na siagi, huingiza humo vipovu vidogo vingi vya hewa. Gesi ya bekingi pauda huingia katika vipovu hivyo na kuvitanua ndani ya oveni, lakini haina uwezo wa kutengeneza vipya. Ukiweka vichache, utavuna vichache.

Mwanafunzi mmoja alitumia siagi gramu 250, sukari gramu 250, mayai matano, unga gramu 250 na vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda. Aliipiga siagi kwa dakika mbili tu. Keki ikatoka fupi, chini ina ukanda mzito unaonata, juu ina madoadoa ya sukari. Nyumbani akairudia kwa vijiko vinne vya bekingi pauda: ikaumuka haraka, ikabonyea katikati, na ikaacha uchungu mdomoni. Nilimrudisha kwenye vipimo vyake vya awali bila kubadili chochote, isipokuwa alipiga siagi na sukari kwa dakika nane, mashine ikiwa katika mwendo wa kati, huku akikwangua kingo za bakuli mara kwa mara. Safari hii keki iliinuka sawasawa na ikawa laini hadi chini. Anayetumia mwiko ajiandae kwa dakika 15 hadi 20, na asiitegemee saa peke yake: manjano ya siagi yafifie yakaribie weupe, mchanganyiko uongezeke ujazo, na mifereji ya mwiko ibaki imesimama.

Wapo pia wanaosubiri sukari iyeyuke yote. Watasubiri sana, kwa sababu sukari haiyeyuki katika mafuta, na maji yaliyomo ndani ya siagi ni kidogo. Chembe ndogo unazozihisi kati ya vidole hazina madhara. Nyingi zitayeyuka mayai yakiingia. Sukari yenye punje kubwa isage kidogo kwa blenda, ila isiwe vumbi, kwani ncha za punje ndizo zinazofanya kazi.

Dhana ya tatu ni kwamba siagi ikilainika zaidi ndiyo bora. Siagi hushika hewa vizuri ikiwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi, ilhali jiko la Pwani mara nyingi hufika 30. Itoe kwenye friji, ikate vipande, uibonyeze baada ya dakika kumi: kidole kiache shimo bila kung'aa mafuta. Ukiona mng'ao huo ndani ya bakuli wakati wa kupiga, rudisha bakuli kwenye friji kwa dakika kumi, kisha endelea. Siagi iliyokwisha kuwa mafuta kabisa usiigandishe ukidhani imerudi kama ilivyokuwa. Ipeleke kwenye chapati, uchukue nyingine.