Maneno ya mbio mwishoni mwa tangazo: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: "Vigezo na masharti kuzingatiwa" inatosha.

Inamwambia mtazamaji kwamba masharti yapo, haimwambii hata moja. Tuseme natafsiri kwa Kiswahili tangazo la Kiingereza la duka la vifaa vya umeme, na masharti yana sekunde 9 za mwisho. Anayeyasoma kwa sauti kwa Kiingereza anazimaliza kwa pumzi moja: ofa ni ya wateja wapya tu, miaka 18 na kuendelea, punguzo ni la hadi 40% kwa bidhaa teule, mwisho ni saa sita usiku wa Machi 31 au bidhaa zikiisha, lolote litakalotangulia, kampuni ina haki ya kubadili masharti, na maelezo zaidi yako kwenye tovuti.

Kwa maandishi ya kwenye skrini, nikikadiria herufi 15 kwa sekunde, pamoja na nafasi na alama, nina 135. Hiki ndicho kinachobaki:

*Baadhi ya bidhaa, punguzo hadi 40%. Wateja wapya pekee, miaka 18+. Mwisho Machi 31 au zikiisha kabla. Masharti zaidi: tovuti yetu.*

Ni herufi 130. Ule msemo wa vigezo na masharti ungekula nafasi kubwa kuliko inayotosha kumwambia mteja wa zamani kwamba ofa haimhusu.

Dhana: vineno vidogo ndivyo vya kukata kwanza.

Kinyume chake. Ondoa "hadi", na mtu anaingia dukani akitarajia feni ya shilingi 100,000 kwa 60,000, kumbe yake imepunguzwa 5,000 tu. Ondoa "baadhi ya", na duka zima limeingia kwenye ofa. Ondoa "pekee", na wateja wa zamani wanapanga foleni. Mimi hukata kwanza jina la kampuni linalorudiwa, kisha "lolote litakalotangulia", kwa sababu "au zikiisha kabla" imeshabeba kazi hiyo. Haki ya kubadili masharti naipeleka kwenye tovuti, lakini kwa idhini ya mwanasheria wa kampuni. Hapo mfasiri hajiamulii.

Dhana: kubakiza kila kitu ndiyo usahihi.

Angalia ile saa sita usiku. "Saa 6 usiku Machi 31" mmoja ataisoma kuwa usiku wa kuamkia tarehe 31, mwingine wa kuamkia Aprili 1. Tofauti ni siku nzima ya mauzo. Ukiuliza na kuthibitishiwa kuwa tarehe 31 yote imo, "Mwisho Machi 31" ni fupi na haina utata. Ikiwa ofa inafungwa tarehe 31 inapoanza, andika "Mwisho Machi 30".

Dhana: Kiswahili ni kirefu, basi kisomwe haraka zaidi.

Studio nyingine huibana sauti kwa mashine hadi "hadi" yenyewe isisikike. Sentensi isipotosha sekunde zake, irudi kwa mwandishi.