Kulodi kriatini: kwa nini wengine hujaza misuli kwa siku sita na wengine kwa mwezi

Makopo mengi ya kriatini, unga ambao watu wa mazoezi hutumia kuongezea misuli nguvu, yana maelekezo yanayofanana mgongoni: wiki ya kwanza tumia gramu 20 kwa siku, baada ya hapo gramu 3 hadi 5. Hiyo wiki ya kwanza ndiyo watu wa jimu wanaita kulodi. Msomaji mgeni huichukua kama sharti, akidhani asipolodi unga hautafanya kazi. Ukweli ni kwamba kulodi ni njia ya mkato ya kufika mahali ambapo dozi ndogo ya kila siku ingekufikisha pia. Njia hizo mbili zinatofautiana kwa wiki tatu hivi za kusubiri, na kwa kiasi cha unga kinachoishia chooni.

Tuanze na kile kinachojazwa. Kriatini haiko kwenye kopo tu. Mwili huitengeneza wenyewe kwa kutumia figo na ini, na nyingine huipata kwenye nyama na samaki. Karibu asilimia 95 ya kriatini yote ya mwili imehifadhiwa kwenye misuli, na sehemu yake kubwa iko katika umbo linaloitwa fosfokriatini. Hii ndiyo akiba ya nguvu inayotumika katika sekunde za mwanzo za kazi nzito, pale unaposukuma chuma kutoka kifuani au kutoka mbio kwenye mstari. Mtu wa kilo 70 huwa na takriban gramu 120 za kriatini mwilini bila kutumia unga wowote.

Misuli yake lakini haijajaa. Ina nafasi ya kupokea zaidi, kwa wastani kama asilimia 20, yaani gramu 24 hivi kwa mtu huyo. Tunaposema misuli imejaa kriatini tunamaanisha kwamba nafasi hiyo imekwisha: kinachoongezwa baada ya hapo hakihifadhiwi, kinapita tu. Zishike hizo gramu 24, maana hesabu zote zinazofuata zinazizunguka.

Akiba hii pia inavuja. Kila siku kama asilimia 1.7 ya kriatini ya mwili, karibu gramu 2, hugeuka yenyewe kuwa taka iitwayo kriatinini na kutoka na mkojo. Kwa kawaida chakula pamoja na kile kinachotengenezwa na mwili huziba pengo hilo, ndiyo maana kiwango hubaki palepale.

Mfano ninaoupenda ni wa dumu la maji lenye mdomo mwembamba na tundu dogo chini. Ukilijaza kwa ndoo bila mrija, litajaa upesi lakini maji mengi yatamwagika pembeni. Ukitumia kikombe utachukua muda, ila kinachomwagika ni kidogo. Mdomo mwembamba hapa ni milango ya protini iliyo kwenye ukuta wa seli ya msuli. Kriatini haipenyi ukutani hivihivi, lazima ipitishwe na milango hiyo, nayo ina mwendo wake. Na kadiri msuli unavyokaribia kujaa, ndivyo upokeaji unavyopungua.

Jambo hili lilipimwa vizuri mwaka 1992 na mtafiti Roger Harris pamoja na wenzake, akiwemo Eric Hultman wa Uswidi. Waliwapa watu gramu 5 za kriatini mara nne hadi sita kwa siku, wakachukua vipande vidogo vya nyama ya paja kwa sindano na kuvipima. Upokeaji mkubwa ulitokea katika siku mbili za mwanzo. Kwa waliokuwa wakitumia gramu 30 kwa siku, asilimia 40 ya dozi ilitoka na mkojo siku ya kwanza, asilimia 61 siku ya pili, na asilimia 68 siku ya tatu. Maji yalikuwa yanamwagika nje ya dumu, na kila siku yanamwagika zaidi.

Watafiti haohao waliona kitu kingine ambacho wauza kriatini hawakitaji sana. Watu walipofanya mazoezi ya baiskeli kwa mguu mmoja tu, mguu uliopumzika uliongeza kriatini kwa kama asilimia 26, na mguu uliofanya kazi kwa kama asilimia 37. Mtu yuleyule, unga uleule. Anayelodi huku amelala nyumbani kwa sababu ya mafua anajinyima sehemu ya faida.

Miaka minne baadaye, 1996, Hultman na wenzake walizilinganisha njia zote mbili. Waliotumia gramu 20 kwa siku kwa siku 6 walipanda kwa kama asilimia 20. Waliotumia gramu 3 tu kwa siku nao walipanda kwa kama asilimia 20, ila iliwachukua siku 28. Wapo pia waliolodi siku 6 kisha wakaendelea na gramu 2 kwa siku, nao wakabaki juu. Waliolodi kisha wakaacha kabisa walishuka polepole, na baada ya mwezi hivi walikuwa wamerudi walikoanzia.

Tuwaweke vijana wawili wa kilo 70 kwenye hesabu hii, wote wakianza Jumatatu. Wa kwanza analodi: gramu 5 asubuhi, 5 mchana, 5 jioni, 5 usiku, kwa siku sita. Jumamosi usiku ameshameza gramu 120, misuli yake imeongeza zile gramu 24 hivi, na nyingi ya zilizobaki zimetoka na mkojo. Amehifadhi kama sehemu moja katika tano ya alichonunua. Mwenzake anatumia gramu 3 kila siku. Jumamosi hiyo ameshameza gramu 18 tu na yuko mbali na kujaa. Siku ya 28 ameshameza gramu 84, na sasa misuli yake iko sawa na ya rafiki yake. Kuanzia hapo ukiwapima huwezi kujua nani alilodi.

Msomaji makini atauliza: gramu 24 ukizigawa kwa 3 unapata siku 8, sasa kwa nini siku 28? Ni kwamba hata dozi ndogo haiingii yote kwenye msuli. Pia mwili ukiona kriatini inaingia kutoka nje, hupunguza ile unayotengeneza wenyewe, kwa hiyo sehemu ya gramu 3 zako inaziba pengo hilo. Na uvujaji wenyewe hukua pamoja na akiba: asilimia 1.7 ya gramu 144 ni zaidi ya asilimia 1.7 ya gramu 120. Ukitumia gramu 5 badala ya 3 muda unafupika kiasi, lakini usitegemee kumaliza ndani ya wiki.

Kwa upande wa mfuko, chukua kopo la gramu 300. Anayetumia gramu 3 tangu siku ya kwanza, kopo humtosha siku 100. Anayelodi siku sita anachoma gramu 120, zinabaki 180, na kwa gramu 3 kwa siku zitampeleka siku 60 tu zaidi. Anapoteza zaidi ya mwezi mzima wa kopo lake kwa ajili ya kuwahi wiki tatu. Mimi naona hiyo ni bei kubwa kwa mtu anayefanya mazoezi mwaka mzima. Ila mwenye mashindano baada ya siku kumi hana wiki nne za kusubiri, na kwake kulodi kuna maana. Wanaohesabu kwa uzito hutumia gramu 0.3 kwa kila kilo wakati wa kulodi, na 0.03 kwa kilo baadaye. Kwa kilo 70 ni gramu 21, halafu kama gramu 2.

Utajuaje kwamba inaingia? Mzani ndio unaozungumza mapema. Kriatini huvuta maji ndani ya seli za msuli, hivyo anayelodi mara nyingi huongeza kilo moja hadi mbili ndani ya wiki, na mkojo hupungua siku za mwanzo. Hayo ni maji, usisisimke ukadhani ni nyama iliyoota kwa siku sita. Anayekwenda polepole hupata badiliko hilo kwa kutawanyika mwezi mzima na pengine asiligundue. Atakachokiona ni kwamba kwenye raundi ya tatu au ya nne, pale alipozoea kuishia mara nane, sasa anamaliza tisa.

Wengine hawaoni kitu, na si lazima unga uwe feki. Ambaye misuli yake ilikuwa karibu kujaa tangu mwanzo ana nafasi ndogo ya kuongeza. Kilo moja ya nyama au samaki mbichi huwa na gramu 4 hadi 5 hivi za kriatini, kwa hiyo mla nyama nyingi huanza juu kuliko anayekula ugali na maharage siku nyingi za wiki. Huyu wa maharage ndiye kwa kawaida hupanda zaidi, haraka au polepole.

Kosa la kawaida la kulodi ni kumeza gramu 10 au zote 20 kwa mkupuo ili kumaliza kazi. Unga mwingi unaobaki kwenye utumbo huvuta maji, na matokeo yake ni tumbo kuunguruma na kuharisha, kisha mtu anatangaza jimu nzima kwamba kriatini imemkataa. Gramu 5 kwa mara moja, zikiwa zimekorogwa kwenye maji ya kutosha na zikifuata chakula, watu wengi huzivumilia. Kosa la pili ni kuendelea na gramu 20 kwa wiki nne kwa kuwa wiki ya kwanza ilileta raha. Dumu limeshajaa, unamwaga tu. Kwa anayetumia dozi ndogo kosa ni kusahau siku nne mfululizo, kisha kwa hofu kurudia kulodi. Akiba iliyojaa huchukua wiki kadhaa kuisha, kwa hiyo siku nne ni pengo dogo. Endelea na gramu zako 3.

Ukienda kupimwa figo ukiwa kwenye kriatini, mwambie daktari kabla damu haijachukuliwa. Kipimo cha kawaida huangalia kriatinini, ile taka tuliyoitaja, nayo inaweza kupanda kidogo kwa sababu akiba yako imekua na wala si kwamba figo zimechoka. Akijua, anaweza kuomba kipimo cha sistatini C, ambacho hakitegemei kriatini. Mwenye ugonjwa wa figo tayari amuone daktari kabla ya kufungua kopo, iwe kwa gramu 20 au 3.