Usimpeleke kwa bibi wiki ya kujifungua: kumuandaa mtoto mkubwa kabla mdogo wake hajaja

Swali ninaloulizwa sana kliniki na wamama wenye mimba ya pili ni hili, mtoto wangu ana miaka miwili na kitu, ananing'ang'ania balaa, nimuandaeje asije akamuonea wivu mdogo wake? Na mara nyingi mama anakuja tayari ana mpango kichwani: mtoto aachishwe ziwa, ahamishwe kitanda, avuliwe pampasi, halafu tarehe ikikaribia apelekwe kwa bibi mpaka arobaini iishe. Kwa mtu mzima mpango huu umekaa vizuri kabisa, kazi zote zimemalizwa kabla ya mgeni. Kwa mtoto wa umri huo ndo chanzo chenyewe cha matatizo, na leo nataka niongelee hapo tu.

Nachukulia mfano wa mama mmoja wa Mbagala, mimba miezi sita na nusu, bwana mdogo wake ana miaka miwili na miezi minne, bado ananyonya usiku, analala katikati ya baba na mama kwenye neti moja, na tiketi ya basi la Tanga kwa bibi ilikuwa imeshapangwa. Jaribu kuona mambo anavyoyaona yeye. Ziwa limepakwa shubiri limekuwa chungu, kitanda amefukuzwa, kisha amepakizwa kwenye basi, mama hayupo wiki sita, anarudi anakuta kuna mtu amelala pale pale alipokuwa analala yeye na ananyonya lile lile ziwa ambalo yeye aliambiwa limeharibika, na mwenzie wala hakunji uso! Mtoto wa miaka miwili hajui kusema nimeonewa, lakini kujumlisha anajua. Ndo maana nasema wivu mwingi tunaouona hautokani na kichanga, unatokana na vitu vingi kupotea kwa mkupuo, na kichanga ndo anakutwa kwenye eneo la tukio.

Kwa hiyo kazi kubwa ya maandalizi ni kutenganisha hayo mabadiliko. Kanuni ninayotumia mimi ni rahisi, badiliko lolote kubwa lifanyike likamilike angalau miezi miwili kabla ya kujifungua, na kama muda umeshapita basi liache mpaka mdogo afikishe miezi mitatu minne hivi. Kwa yule mama tulikuwa na nafasi ya mambo mawili tu, ziwa na kitanda. Pampasi tukasema iendelee, maana mtoto aliyefundishwa poti mwezi wa nane wa mimba mara nyingi anarudi kukojoa hovyo mdogo akizaliwa, hapo umefua mara mbili.

Ziwa. Kwanza tuondoe hofu, mimba ikiwa ya kawaida mama anaweza kunyonyesha huku ana mimba, maziwa hayageuki sumu na mtoto habemendwi kwa sababu hiyo. Ila kama umetokwa na damu, au uliwahi kujifungua kabla ya wakati, ongea na mkunga wako kwanza. Maziwa yenyewe hupungua katikati ya mimba na ladha hubadilika, watoto wengine wanaacha wenyewe bila vita. Huyu hakuacha, kwa hiyo tulianza na usiku: baba ndo akawa anaamka, maji kidogo, mgongo unapigwapigwa, mama kahamia upande wa ukutani. Usiku wa kwanza kwanza kilio, baada ya wiki hivi kikapungua. Mchana mama akawa hampi kabla hajaomba na hamkatalii kwa ukali akiomba, anamkumbatia, anampa kitu cha kula, wanatoka nje. Shubiri na pilipili tuliziacha kwa sababu ile niliyoisema, ukimdanganya kwamba ziwa limeharibika siku ya siku utaumbuka.

Kitanda tulifanya kigodoro chini, chumba kile kile, na neti yake mwenyewe aliyoenda kuichagua dukani na baba. Sababu aliyopewa ni kwamba amekua na ana neti yake, basi. Usimwambie hama mtoto anakuja, hapo umeshamtaja anayemnyang'anya.

Kumwambia habari yenyewe, sasa. Watoto wa umri huu hawana miezi kichwani, ukimwambia bado miezi miwili ni kelele tu. Subiri tumbo lionekane, na wakati mfunge kwenye tukio analolijua, kwa mfano bibi akija kukaa na sisi, hapo mtoto atakaribia kutoka. Na mwambie ukweli wa kichanga kilivyo, atalia sana, atalala sana, hajui kucheza. Wengi tunawauzia "unaletewa rafiki wa kucheza nae" halafu kinaletwa kitu chekundu kinacholia, mtoto ana haki ya kuuliza kinarudishwa lini.

Bibi ikabidi aje yeye Dar badala ya mtoto kwenda Tanga. Najua si kila familia inaweza, wengine bibi ana mifugo au mgonjwa, wengine nauli. Kama lazima mtoto asafiri basi aende mapema na arudi walau wiki mbili tatu kabla ya tarehe, au aende mdogo akishazoeleka nyumbani, lakini asitoke nyumbani wiki ambayo mwenzie anaingia.

Siku ya leba mama anaweza kuondoka saa nane usiku. Mtoto awe anajua kabla kwamba akiamka na mama hayupo, yupo hospitali na bibi ndo atampikia uji. Kuondoka kwa kunyemelea bila kumuandaa kunazaa mtoto ambaye mwezi mzima unaofuata hakuruhusu hata uende chooni. Wodi nyingi za wazazi hawaruhusu watoto kuingia, sasa mkirudi nyumbani hakikisha anayembeba kichanga kwenye bajaji na kuingia nae mlangoni ni mtu mwingine, shangazi, baba, yeyote, mama mikono iwe mitupu ili cha kwanza ni kumkumbatia mkubwa. Ataulizia mwenyewe mtoto yuko wapi. Kama umejifungua kwa operesheni huwezi kumnyanyua kwa wiki kadhaa, mwambie mama ana kidonda tumboni, kaa hapa pembeni nikukumbatie. Sababu iwe kidonda, isiwe mtoto.

Halafu wageni wa arobaini, hawa wamenisumbua kazini kuliko watoto wenyewe. Anaingia mjomba anacheka, "haya, umeshapinduliwa, mama si wako tena!" Kwetu ni utani lakini mtoto wa miaka miwili hana utani, ameelewa neno kwa neno. Baba au bibi awe na kazi ya kuwawahi wageni mlangoni, shikamoo zikiisha anawaomba kwa upole, jamani huyu tusimtanie hivyo, msalimieni yeye kwanza. Bwana mdogo wetu alipewa kazi ya kuwapeleka wageni chumbani kuwaonyesha mdogo wake na alikuwa anaifanya kwa fujo kweli.

Baada ya hapo vita vya kila siku viko kwenye kunyonyesha. Kichanga kinanyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa saa ishirini na nne, kwa hiyo mara zote hizo mama amekaa, mikono imejaa, hawezi kukimbia, na mtoto mkubwa anajua hilo vizuri sana, ndo muda wa kumwaga unga. Watafiti Judy Dunn na Carol Kendrick waliofuatilia familia 40 kule Cambridge, Uingereza, waliona jambo hilo hilo, ugomvi kati ya mama na mkubwa ulikuwa unapanda mama akiwa ameshughulika na kichanga. Tulichofanya ni kapu dogo linalotoka muda wa kunyonyesha tu, ndani vifuniko vya chupa, kijiko, kitabu cha picha, likiisha kunyonyesha linarudi juu ya kabati. Na kabla mama hajakaa: umekojoa? maji umekunywa? Haya njoo ukae huku upande wangu.

Hao hao watafiti waliona pia kwamba pale mama alipomuongelea kichanga kwa mkubwa kama mtu mwenye hisia zake tangu wiki za mwanzo, mkubwa alikuwa na urafiki zaidi na mdogo wake baadae. Ni maneno ya kawaida tu, "unadhani analia nini, njaa au joto?" au "ona anakuangalia wewe". Na kuna moja naipenda sana: mwambie kichanga kwa sauti mkubwa akisikia, "subiri kidogo, namfunga kaka kiatu." Kichanga hakielewi chochote. Mkubwa siku nzima yeye ndo anaambiwa subiri, sasa amesikia na mwenzie anaambiwa.

Akiomba ziwa tena usishtuke wala usimcheke. Mama yule alimruhusu aonje, akaonja, akakunja uso, akaenda zake. Kama hutaki, sema hapana huku umemkumbatia. Kukojoa kitandani, kuongea kitoto, kutaka kubebwa mgongoni, vyote hivi ni kawaida wiki za mwanzo na vinapungua ukiviacha vipite bila fimbo na bila "aibu, mkubwa mzima".

Kupiga ni jambo lingine, hapo hakuna kuacha lipite. Shika mkono wake, mwambie "sitakuacha umpige", msogeze, basi, usimchape kumfundisha kutopiga. Na hata kama anampenda vipi usiwaache wawili chumbani, mtoto wa miaka miwili anaweza kumkumbatia kichanga mpaka akambana pumzi au kumlishia karanga kwa upendo kabisa. Ukienda kuangalia sufuria ondoka na mmoja wao.

Halafu mjue kuna awamu ya pili ambayo wengi haiwajii akilini. Miezi mitatu minne nyumba inatulia, mnadhani yameisha, mdogo akifika miezi minane kumi anaanza kutambaa na kushika vitu vya mwenzie, wivu unarudi upya na safari hii una sababu. Mpe mkubwa sehemu ya juu ambayo mdogo hafiki, na usimlazimishe kugawa kila kitu kisa yule ni mdogo.

Wa kumleta kliniki ni yule ambaye wiki zinapita anakula kidogo mpaka uzito unashuka, au amenyamaza hachezi tena, au anajiumiza mwenyewe, au anamvizia mdogo kila siku na haipungui. Njoo na kadi yake, na ikiwezekana baba aje pia, maana nitamuuliza nani anaamka usiku.