Aisha wa msikitini, Agnes wa NIDA: dhana potofu kuhusu majina kwenye cheti cha ndoa

Afisa wa bima hakuwauliza kama ni mke na mume. Aliweka cheti cha ndoa kushoto, kitambulisho cha NIDA kulia, akapitisha ncha ya kalamu juu ya majina herufi kwa herufi. Ilipofika kwenye "Aisha" kalamu ikasimama, kwa sababu upande wa pili palikuwa na "Agnes".

Tuuchukue huo uwe mfano wetu, na majina ni ya mfano tu. Mume ni mwalimu wa shule ya serikali Tanzania Bara, anataka kumwandikisha mkewe kama mwenza kwenye bima ya afya, NHIF. Mke alizaliwa Agnes Petro Mushi, na ndivyo cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA vinavyosema. Alisilimu kabla ya ndoa, sheikh akamwandika Aisha Petro. Mume naye NIDA inamtambua kama Juma Hamisi Saidi, lakini kwenye cheti cha ndoa ni "Juma Hamis". Kuna watoto wawili, na vyeti vyao vya kuzaliwa vinamtaja mama kama Aisha Juma. Ndoa ni moja, na mke huyo mmoja ana majina matatu.

Dhana: Cheti cha msikitini au kanisani ni cha dini tu, serikali haikitambui.

Hii ndiyo inayowapeleka watu kwenye njia isiyo yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Bara, inaitambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo na ya kimila sawasawa na ile ya bomani. Sheikh au padri mwenye leseni anapofungisha ndoa, anafanya pia kazi ya usajili, na taarifa zake zinatakiwa zifike kwa Msajili Mkuu wa Ndoa, yaani RITA. Hata ndoa ambayo haikusajiliwa haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake. (Zanzibar ina sheria na wakala wake wa usajili, kwa hiyo aliyeoa Unguja au Pemba aanzie huko.)

Kinachochanganya ni kwamba baadhi ya makanisa hutoa karatasi mbili: moja ya kanisa lenyewe, nzuri, yenye picha ya pete na aya ya Biblia, na nyingine ya serikali yenye namba ya cheti. Watu huitundika ukutani ile ya kwanza na kuipeleka hiyohiyo ofisini. Ikikataliwa wanarudi nyumbani wakisema serikali imeikataa ndoa yao. Haijaikataa, imeomba karatasi ya pili. Kama hamuioni, rudini parokiani au msikitini mlikofungia ndoa, ulizeni kitabu cha usajili na namba yake, kisha mfuatilie RITA.

Kwa Juma na Agnes cheti kilikuwa halali kabisa, na hakuna aliyekuwa na shaka na ndoa. Shaka ilikuwa juu ya mtu: huyu mwenye namba ya NIDA ndiye yule aliyekaa mbele ya sheikh siku ile?

Dhana: Mwanamke akiolewa, jina la mume linakuwa lake.

Hapana. Hakuna sheria inayolibadilisha jina la mwanamke siku ya harusi wala inayomlazimisha alichukue la mume. Anayejiita kwa jina la mume kanisani, kwenye kikoba au kwenye kadi za michango anafuata desturi, na ni desturi nzuri, lakini rejista haina habari nayo.

Tatizo huanza pale desturi inapoingia kwenye nyaraka kidogo kidogo. Pale hospitalini nesi alimuuliza Agnes jina la mama wa mtoto, akajibu "Aisha Juma" kama anavyoitwa mtaani. Jibu hilo la sekunde mbili liliandikwa kwenye tangazo la kizazi, likahamia kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kwa mtoto wa pili likarudiwa. Hakudanganya mtu. Lakini sasa ana jina la tatu ambalo halipo NIDA wala kwenye cheti cha ndoa, na watoto nao ni wategemezi wanaotakiwa kuandikishwa.

Ushauri wangu kwa wanaofunga ndoa mwaka huu ni mwepisi: mpeni msajili kitambulisho cha NIDA na mwombe anakili majina yote matatu kama yalivyo, hata kama ukumbini mtatangazwa Bwana na Bibi fulani. Anayesilimu au kubatizwa aombe majina yote mawili yaandikwe, "Agnes Petro Mushi, pia Aisha". Kalamu ya sheikh haitachoka.

Dhana: Kiapo kwa wakili kinabadili jina.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana watu huchanganya nyaraka mbili ambazo kazi zake ni tofauti.

Hati ya kiapo cha majina haibadili kitu. Inatamka tu kwamba majina haya mawili au matatu ni ya mtu mmoja. Anaapa mwenye majina, mbele ya kamishna wa viapo, ambaye mara nyingi ni wakili, au mbele ya hakimu. Hati ya kubadili jina, ile ambayo mawakili huiita didi poli, inaacha jina la zamani na kuchukua jipya. Husajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwenye wizara ya ardhi, na kwa kawaida hutangazwa katika Gazeti la Serikali. Hiyo ndiyo NIDA huitaka pale mtu anapotaka jina lenyewe libadilike kwenye kitambulisho.

Kwa hiyo swali la kwanza ni la Agnes mwenyewe: unataka kuitwa Aisha serikalini kuanzia sasa, au unataka tu Agnes na Aisha watambulike kuwa ni wewe? Akijibu la kwanza, safari ni ndefu: didi poli, NIDA, kisha benki, leseni, pasipoti na namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, vyote vikimfuata. Cheti cha kidato cha nne kitabaki na Agnes, na hapo atahitaji kuionyesha ile didi poli maisha yake yote. Akijibu la pili, kiapo kinatosha kwa kazi iliyo mbele yake. Wengi wanaotaka bima au mafao tu wanahitaji jibu la pili, na sioni sababu ya kumsukuma mtu kwenye la kwanza.

Lakini kiapo chenyewe lazima kiandikwe vizuri. Nimeona viapo vinavyosema "mimi ni mtu yuleyule ninayejulikana kwa majina yote hayo" bila kutaja nyaraka hata moja. Afisa hana cha kulinganisha. Kiapo cha Agnes kiliposaidia kilikuwa na maneno ya namna hii:

"Kwamba jina langu katika cheti cha kuzaliwa namba … na katika kitambulisho cha taifa namba … ni AGNES PETRO MUSHI. Kwamba katika cheti cha ndoa namba …, kilichotolewa tarehe …, nimeandikwa AISHA PETRO, jina nililopewa niliposilimu. Kwamba katika vyeti vya kuzaliwa vya wanangu namba … na namba … nimeandikwa AISHA JUMA. Kwamba majina yote hayo ni yangu, na yanamhusu mtu mmoja."

Chini yake panatakiwa sahihi yake, jina na mhuri wa kamishna, na mahali na tarehe ya kuapa. Mahali na tarehe si mapambo, sheria inavitaka vyote viwili, na mhuri usio na tarehe umewarudisha watu nyumbani mara nyingi. Kabla ya kuondoka kwa wakili soma kila herufi ukiwa na nyaraka mkononi. Karani anayechapa haraka anaweza kuandika "Mushy", na ukawa umelipia jina la nne.

Juma naye aliapa kiapo chake kuhusu Hamis na Hamisi. Mkewe alicheka, akasema ni herufi moja tu. Kweli ni moja, lakini mfumo wa kompyuta haujui Kiswahili cha Pwani na cha Bara.

Dhana: Kosa la herufi unalirekebisha kwa kalamu, au mnafunga ndoa upya.

Msimguse huyo "Hamis" kwa wino. Nakala ya cheti mliyo nayo si pekee. Kuna kumbukumbu kwenye kitabu na iliyokwenda kwa msajili. Mkifuta ya kwenu haifanani tena na zile nyingine, na hati iliyokuwa na kosa dogo sasa inaonekana imeghushiwa. Kama kosa ni la mwandishi siku ya ndoa, mrudieni aliyefungisha, na marekebisho yapitie kwa msajili ili rejista na cheti vibadilike pamoja.

Jina la "Aisha" halikuwa kosa. Ndilo alilotumia siku ile, na cheti kimehifadhi tukio kama lilivyokuwa. Hilo huunganishwa kwa kiapo, halifutwi. Na wale wanaoshauriwa "mwende tu bomani mkaandikwe upya" wafikirie hili: watakuwa na vyeti viwili vyenye tarehe mbili, na mtoto wa kwanza kazaliwa katikati yake. Badala ya swali moja kaunta itakuwa na matatu.

Dhana: Likitokea la kutokea, mjane ataapa.

Ataapa kuhusu majina yake mwenyewe. Ya marehemu hawezi kuyaapia kwa uzito uleule, kwa sababu mwenye majina hayupo. Ndugu huitwa kuapa kwamba Juma Hamis na Juma Hamisi Saidi alikuwa mmoja, na kama kuna ndugu asiyempenda mjane, herufi moja ile ile inageuka silaha.

Mafao ya warithi kwenye mifuko ya hifadhi, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa wengi wa sekta binafsi, hudai cheti cha kifo, cha ndoa, vya kuzaliwa vya watoto, na mara nyingi barua ya mahakama ya kumteua msimamizi wa mirathi. Familia ikifungua mirathi iandike majina yote tangu kwenye maombi: "marehemu Juma Hamisi Saidi, ambaye pia alijulikana kama Juma Hamis". Barua ya uteuzi ikitoka na jina moja tu, na akaunti ya benki iko kwa jingine, mtarudi mahakamani kuomba marekebisho huku ada ya shule ikisubiri.

Juma na Agnes waliweka viapo vyao viwili halisi kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa. Nakala zilizothibitishwa zilikwenda kwa afisa utumishi wake, zikawekwa kwenye jalada lake la ajira, nyuma ya barua ya kuajiriwa.